Kadi za Uwezekano: Kutoka Maneno hadi Alama

Matumizi: mmoja anasoma swali, mwenzake anaandika herufi za matukio na alama kabla ya kugusa namba yoyote. Ndipo kadi igeuzwe.

KADI 1: "au"
Kati ya abiria 50 wa feri ya Likoni, 30 wana mizigo, 20 wanaelekea Ukunda, 12 wana mizigo na pia wanaelekea Ukunda. Abiria mmoja akichaguliwa bila mpango, kuna uwezekano gani ana mizigo au anaelekea Ukunda?

*Nyuma:* P(M ∪ U) = P(M) + P(U) − P(M ∩ U) = 30/50 + 20/50 − 12/50 = 38/50 = 19/25.
Usipotoa 12 unapata 50/50, yaani hakuna abiria aliyebaki nje, ilhali waliobaki nje ni 50 − 38 = 12. Wale wa pande zote mbili umewahesabu mara mbili.

KADI 2: "miongoni mwa"
Darasa lina wanafunzi 40. Wanaovuka feri ni 24, na 6 kati yao wamechelewa leo. Waliochelewa kwa jumla ni 8. Andika alama za kila sentensi:
(a) Mwanafunzi anavuka feri na amechelewa.
(b) Mwanafunzi anayevuka feri amechelewa.
(c) Mwanafunzi aliyechelewa anavuka feri.

*Nyuma:* (a) P(F ∩ C) = 6/40 = 3/20
(b) P(C | F) = 6/24 = 1/4
(c) P(F | C) = 6/8 = 3/4
Juu ni 6 kila mara. Kinachobadilika ni namba ya chini. Jiulize: tunachagua kutoka kundi gani? Kundi hilo ndilo linalokaa baada ya mstari wa wima. Wengi hugeuza (b) na (c), na hii ndiyo kadi ya kurudiwa zaidi. Kisha pima: P(C) = 8/40 = 1/5, si 1/4, kwa hivyo F na C si matukio huru. Ukizidisha P(F) × P(C) unapata 0.12 badala ya 0.15.

KADI 3: mawili, bila kurudisha
Kapu la Kongowea lina maembe 10, manne yameoza ndani. Unachukua mawili. Uwezekano wa yote mawili kuwa mazima?

*Nyuma:* P(Z₁ ∩ Z₂) = P(Z₁) × P(Z₂ | Z₁) = 6/10 × 5/9 = 1/3.
6/10 × 6/10 ni sahihi tu kama embe la kwanza lilirudishwa kapuni.

KADI 4: "angalau"
Kibanda cha viazi karai kina balbu 3. Kila moja ina uwezekano wa 0.1 kuungua mwezi huu, bila kutegemea nyingine. Uwezekano wa angalau moja kuungua?

*Nyuma:* 1 − P(hakuna inayoungua) = 1 − 0.9³ = 1 − 0.729 = 0.271.
Kujumlisha 0.1 mara tatu si sawa: kwa balbu 11 ungepata 1.1, na uwezekano hauzidi 1. Angalia pia maneno "bila kutegemea nyingine". Umeme ukija kwa nguvu kupita kiasi, balbu zote huweza kuungua pamoja, na hapo 0.9³ haitumiki.