Yah: Tofauti kati ya oda Na. 0417, hati ya kukabidhi mzigo Na. 2286 na ankara Na. 5931

19 Machi 2025

Kwa: Meneja wa Mauzo
Nakala: Mhasibu wa Wadaiwa, Msimamizi wa Stoo

Ndugu Meneja,

Tumepokea ankara yenu ya tarehe 14 Machi yenye jumla ya shilingi 547,600. Tulipoilinganisha na oda yetu ya tarehe 3 Machi na mzigo ulioshushwa tarehe 12 Machi, tumeona kiasi kinachostahili kulipwa sasa ni shilingi 510,600. Tofauti ni shilingi 37,000, na tunaomba mtutolee krediti noti ya kiasi hicho. Hesabu zote humu ni kabla ya Kodi ya Ongezeko la Thamani. Kwenye krediti noti, kodi ipunguzwe kwa kiwango kile kile kilichotumika kwenye ankara.

Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5. Tuliagiza roli 40 na ankara inadai 40, lakini zilizoshushwa ni 38. Upungufu huu uliandikwa kwa kalamu kwenye hati yenu mbele ya dereva, naye akatia saini kando ya maandishi. Nakala ya mteja ndiyo yenye maandishi hayo, na huenda nakala iliyobaki ofisini kwenu haina. Ndiyo maana tumeambatisha yetu. Kabla ya kujibu, tafadhali kagueni orodha ya upakiaji ya siku hiyo na mzigo wa wateja wengine walioshushiwa na lori hilo hilo. Punguzo: roli 2 kwa 9,500, yaani 19,000.

Sakiti breka. Hapa jambo si la hesabu peke yake. Tuliagiza 60 za ampea 20. Zimekuja 40 za ampea 20, na 20 za ampea 32 ambazo mmezitoza 420 kila moja badala ya 350. Hatuwezi kuzipokea hata kwa bei ya zile za awali. Saketi zinazofungwa zinatumia waya huo huo wa milimita 2.5, na breka ya ampea 32 itauacha waya upate joto kupita kiasi kabla haijakata umeme. Breka hizo 20 zimetengwa stoo, boksi hazijafunguliwa. Mzichukue kwa lori litakaloleta mzigo uliobaki, nasi tutatoa hati ya kurudisha bidhaa. Punguzo: 8,400. Siku nyingine mkiishiwa bidhaa, tupigieni kabla ya kupakia mbadala.

Taa za LED za wati 18. Idadi ni sawa, 120. Bei kwenye oda ni 380, kwenye ankara ni 410. Nukuu yenu ya tarehe 24 Februari ilidumu siku 30, nanyi mliithibitisha oda kwa barua pepe tarehe 4 Machi, kwa hiyo bei ya 380 ndiyo inayosimama. Punguzo: 3,600.

Usafiri, 6,000. Oda inasema bei zote ni pamoja na kufikisha mzigo stoo kwetu. Tunaomba uondolewe wote.

Soketi pacha hazina tatizo la fedha. Hati yenu inasema 20 bila kutaja kipimo, ankara inasema 200. Tumefungua na kuhesabu: ni boksi 20 zenye soketi 10 kila moja, na tutalipa 90,000 kama mlivyodai. Hata hivyo mfumo wetu ulisoma 20 na kuizuia ankara nzima, hivyo kuanzia mzigo ujao andikeni idadi kwa kipimo cha oda, yaani kwa kipande.

Tafadhali msifute ankara wala kutoa nyingine yenye namba ile ile, kwa kuwa imekwisha kuingia kwenye vitabu vya kodi vya pande zote mbili. Krediti noti itaje ankara Na. 5931 na ioneshe mapunguzo manne kila moja kwenye mstari wake. Mkihitaji muda zaidi kuchunguza roli 2 za waya, tujulisheni kwa maandishi mapema, tusije tukasubiriana bila kujua.

Oda Na. 0417 bado iko wazi kwa roli 2 na breka 20 za ampea 20. Zikija, zije na hati yake na ankara yake ya shilingi 26,000. Hapo jumla itatimia 536,600, kama ilivyo kwenye oda. Fundi anazihitaji ifikapo tarehe 2 Aprili.

Krediti noti ikitufikia kabla ya Ijumaa tarehe 28 Machi, malipo ya 510,600 pamoja na kodi yake yatatoka Ijumaa tarehe 11 Aprili, ndani ya siku 30 za ankara. Hatutaanza kuhesabu siku upya kwa sababu ya marekebisho haya.

Wako katika kazi,
Mhasibu wa Malipo

Viambatisho: oda Na. 0417; hati Na. 2286 yenye saini ya dereva. Barua pepe ya tarehe 4 Machi. Picha za lebo za breka za ampea 32.