Wafuasi 48,000

Lusajo alikuwa meneja wa brandi kwenye kampuni ndogo ya mafuta ya parachichi hapa Mbeya, parachichi zenyewe za Rungwe, na mafuta ni mazuri jamani, ya kijani, ukifungua tu chupa harufu ya tunda inakuja yenyewe. Ila Instagram walikuwa na wafuasi 1,900 tu, uzinduzi umebaki wiki mbili, na bosi kila asubuhi swali ni lilelile, tumefika ngapi?

Basi Lusajo akachukua laki nne, hela iliyotengwa kuwalipa mabinti wa kuonjesha watu soko la Mwanjelwa, akamrushia kwa simu jamaa mmoja anayeuza wafuasi. Siku mbili tu ukurasa ukasoma 48,000. Bosi kwa furaha akaongeza oda ya chupa, na wakulima kule Tukuyu wakaambiwa waongeze mzigo. Hapo ndo panaponiuma, maana mkulima akishachuma parachichi hairudishi mtini.

Siku ya uzinduzi ukumbi umejaa, Lusajo yuko mbele na suti mpya, simu imeunganishwa na projekta na wako laivu. Akaitaja ile 48,000 kama mara tatu hivi, watu wakapiga makofi. Mama mmoja wa duka la jumla, kitenge juu ya sweta, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hapo juu naona wanaotuangalia ni 11. Na nusu yao si ndo hawa vijana walioshika simu humu ndani?"

"Mama, leo mtandao unasumbua kidogo."

"Haya. Hao wengine wako wapi? Mbeya wangapi, Tunduma wangapi, Njombe wangapi? Mimi nataka kujua nibebe katoni ngapi, na hela yenyewe ni ya vikoba."

Bosi akacheka, akasema swali zuri hilo, Lusajo katisha laivu umfungulie mama takwimu aone. Lusajo akawa anasogeza kidole juu chini, juu chini, anafungua kila kitu isipokuwa hicho, mpaka bosi akaichukua simu akafungua mwenyewe. Ukutani ikaja orodha ya miji: Dhaka, Jakarta, Lahore, Karachi. Mbeya ya tano, asilimia 2. Akagusa orodha ya wafuasi, akaunti hazina picha, majina ni herufi na namba zimechanganywa tu, moja inafuata watu 7,000 yenyewe inafuatwa na 3.

Ukumbi kimya. Bosi akauliza taratibu, "Hela ya kuonjesha iko wapi, Lusajo?"

"Ndo hiyo, bosi."

Mzee mmoja mkulima akainuka. "Sasa mzigo wetu wa wiki ijayo mnachukua au hamchukui?" Bosi akasema tutachukua ule wa mwanzo, wa nyongeza hapana, na mzee akabaki amesimama.

Yule mama akaenda mezani, akamimina mafuta kidogo kiganjani, akaonja.

"Nilitaka kubeba 40. Nipe 2, na chupa moja ya bure nikawaonjeshe wateja wangu, maana hao mabinti hawaji tena."

Bosi akampa chupa tatu.