MAJIBU YA HATARI: potasiamu 7.3, wodi ya wanaume, kitanda 11

Kutoka: Maabara, zamu ya usiku
Kwenda: Daktari wa zamu, wodi ya wanaume
Imetumwa: 03:07

Dokta, potasiamu ya mgonjwa wa kitanda 11 ni 7.3 mmol/L. Kawaida ni 3.5 hadi 5.1, na kwetu ikivuka 6.5 ni lazima tupige simu. Naomba umwone sasa hivi.

Mgonjwa ni mwanaume wa miaka 58, faili namba 20417. Damu imechukuliwa 02:10, tumeipokea 02:31. Jibu la kwanza limetoka 02:52 (7.3), tumerudia sampuli ileile 03:01 (7.2). Juzi jioni alikuwa 5.6. Kreatinini 843 µmol/L, sodiamu 133. Saa zote nimeandika kwa mtindo wa saa 24, mtu asije akasoma saa 9 ya usiku akadhani ni ya mchana.

Kinachotakiwa: kipimo cha umeme wa moyo mara moja, na mgonjwa asiachwe bila kuangaliwa mapigo. Kama kuna dripu yenye potasiamu, ifungwe. Fomu inaonyesha anatumia spironolaktoni na enalapili, na zote mbili hupandisha potasiamu. Dozi ya asubuhi isitolewe kabla hujaamua. Tunaomba pia sampuli ya pili, lakini usiisubiri ndipo uanze kumshughulikia.

Simu yako nimepiga 03:03 na 03:05, haikupokelewa. Nesi wa zamu amepokea ya wodini 03:06, akanisomea namba ya faili na jibu, yuko sahihi. Nisipokupata hadi 03:15 nampigia daktari bingwa aliye zamu.

Ukipokea, nirudishie kitanda, faili na namba.

—

Jibu la daktari, 03:12

Nilikuwa chumba cha dharura. Kitanda 11, faili 20417, potasiamu 7.3. Naelekea wodini. Una hakika sampuli ni nzuri? Jana tumepewa ya juu hivi hivi ikaja kuonekana damu iliharibika.

—

Maabara, 03:14

Umenisomea sawasawa, dokta. Ya jana naikumbuka, maji ya damu yalikuwa mekundu kabisa. Haya ya leo ni ya njano, safi, na mashine haikuonyesha seli kupasuka. Nimewaza pia kama damu imemiminwa kutoka chupa ya kifuniko cha zambarau: dawa iliyomo ina potasiamu na hula kalsiamu, lakini kalsiamu yake ni 2.19, haijashuka. Seli nyeupe 8.9 na chembe sahani 231, kwa hiyo si seli nyingi zilizomwaga potasiamu chupani. Sampuli imezungushwa ndani ya nusu saa, haikuwekwa kwenye friji. Kontroli za usiku zimepita.

Kitu kimoja siwezi kukijua nikiwa huku: kama mkono ulibanwa sana, au mgonjwa aliambiwa akunje na kukunjua ngumi. Hiyo hupandisha kidogo. Ila kwa mtu mwenye kreatinini hii, aliyeandikwa kwenye fomu kwamba amekosa zamu yake ya kusafishwa damu, namba hii mimi naiamini.

Sampuli ya pili itoke mkono usio na dripu, kamba isikazwe, chupa ya kifuniko chekundu ijazwe kwanza kabla ya zambarau. Mhudumu ailete mkononi, bila barafu. Niko mlangoni.

—

Daktari, 03:29

Mawimbi ya T yamechongoka, QRS imepanuka. Kalsiamu glukoneti imeshaingia, insulini na glukosi zinafuata. Sampuli inakuja. Wa kitengo cha figo nimeshamwamsha.

—

Maabara, 03:51

Sampuli ya pili, imechukuliwa 03:24 mkono wa kulia, imepokelewa 03:33: potasiamu 7.1 mmol/L. Seli hazijapasuka. Jibu la kwanza limethibitika. Nimekupigia 03:50, umenisomea.

Kalsiamu uliyompa hulinda moyo tu, potasiamu haishushi, kwa hiyo usishangae nikikuletea namba ya juu tena. Kwa kuwa insulini imeanza, tuletee na glukosi kila mara. Strip za wodini zinatosha kwa haraka, ila ikishuka chini ya 4 tupigie.

—

Maabara, 05:34

Kitanda 11, faili 20417. Imechukuliwa 05:05. Potasiamu 6.2, glukosi 4.3 mmol/L. Potasiamu imeshuka, bado iko juu. Glukosi inakaribia mpaka, naomba ipimwe tena ndani ya nusu saa. Nesi amesoma 05:33.

Zamu yangu inaisha 07:30. Kwenye daftari la majibu ya hatari nimeandika saa zote, pamoja na zile simu mbili za mwanzo zisizopokelewa. Anayenipokea nitamwonyesha chupa kwa mkono, na sampuli ya kabla ya kusafishwa damu ataipitisha mbele ya foleni.