Yah: Ombi la ruhusa ya kupima sukari, kula kidogo na kusimama kazi kwa muda mfupi wakati wa zamu

Ndugu Meneja,

Nina kisukari cha aina ya kwanza na natumia insulini. Naomba ruhusa ya maandishi kwa mambo matatu hapo juu, katika zamu yangu ya saa 1 asubuhi hadi saa 9 alasiri.

Insulini ya kifungua kinywa najidunga saa 12 na nusu. Nguvu yake inapopamba moto ndipo nasi tunapopakua maboksi, na misuli inayofanya kazi nayo hutumia sukari. Ndiyo maana sukari yangu hushuka zaidi kati ya saa 3 na saa 5, kabla ya mapumziko ya saa 6.

Nitapima saa 3 na nusu na saa 8, na wakati wowote nikianza kutetemeka au kutoka jasho la ghafla. Ni dakika 3 hivi, nyingi zikiwa za kunawa mikono: juisi iliyobaki kidoleni hupandisha namba kwa uongo. Meza iliyo karibu na sinki inanitosha. Sindano zilizotumika nitaziweka kwenye chupa ngumu yenye kifuniko na kuondoka nazo. Dakika hizi naomba zihesabiwe kama za kwenda msalani.

Kipimo kikiwa chini ya 3.9 mmol/L, naacha mashine papo hapo. Natumia gramu 15 za sukari ya haraka, yaani vidonge 4 vya glukosi au takriban mililita 150 za juisi, nakaa dakika 15, kisha napima tena. Ikiwa bado iko chini, narudia. Chokoleti haifai hapo, mafuta yake huchelewesha sukari. Ikishapanda nakula kitafunio na kurudi kazini. Jumla ni dakika 20 hadi 25, na katika muda huo naomba msaidizi wa laini ya 3 ashike nafasi yangu.

Najua chakula hakiruhusiwi kwenye laini. Juisi na vitafunio vitakaa kabatini, ila vidonge naomba nikae navyo mfukoni, kwenye kasha lililofungwa. Kabati liko ghorofa ya chini, na ngazi si za kushuka mtu akiwa na kizunguzungu.

Naomba msimamizi wa zamu na mtoa huduma ya kwanza waarifiwe, wengine si lazima. Wakiniona nimekuwa mkali bila sababu au naongea ovyo, wasidhani nimelewa. Wanipe juisi iwapo naweza kumeza. Nikizimia wasinitie chochote mdomoni, wanilaze ubavu na kuita gari la wagonjwa mara moja.

Barua ya daktari nimeiambatisha. Nitashukuru kupata jibu kabla ya Ijumaa, kwani kuanzia Jumatatu nimepangiwa mashine ya kukatia.

Wako katika kazi,
Rehema
Mfungashaji, laini ya 3