Kwa nini wasichana ndio wa kwanza kushushwa basini?

Muhula huu shule moja hapa Malindi ilipungukiwa na pesa za michezo. Voliboli ya wasichana ikafutwa siku hiyo hiyo. Wavulana wakanunuliwa jezi mpya. Eti wasichana hawana mashabiki! Watawatoa wapi, ikiwa mechi zao huchezwa saa nane, jua la utosi, wavu umefungwa kwa kamba ya mashua?

Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inawapa wanawake na wanaume haki ya fursa sawa. Naye Faith Kipyegon ametwaa dhahabu ya Olimpiki mita 1,500 mara tatu mfululizo. Pesa zikipungua, safari zipunguzwe kwa timu zote. Jezi za wavulana za mwaka jana, nilivyoziona mimi, hata hazijachanika.