Kadi za marudio: shirikisho na yunitari, siasa linganishi mwaka wa kwanza

Hizi ni za kundi letu kwa paper ya Alhamisi. Soma mbele, jibu kwa sauti, ndo ugeuze, usichungulie kwanza. Kadi yenye nyota ni ile ambayo lekchara kaigusia zaidi ya mara moja so usiiruke.

KADI 1 *
Mbele: Tofauti ya msingi kati ya shirikisho na nchi yunitari ni ipi, kwa sentensi moja?
Nyuma: Kwenye shirikisho madaraka ya majimbo yanalindwa na katiba na serikali kuu peke yake haiwezi kuyafuta, kwenye yunitari (yani nchi ya serikali moja) mikoa ina madaraka kwa sababu serikali kuu imeyagawa na inaweza kuyarudisha. Ukikwama kwenye swali lolote jiulize: nani anaweza kumnyang'anya nani, na kwa utaratibu gani? Usiulize nani ana madaraka mengi, hilo swali lingine kabisa, ona kadi 2.

KADI 2 *
Mbele: Kweli au si kweli: nchi ambayo serikali za chini zina hela nyingi na kazi nyingi ni shirikisho.
Nyuma: Si kweli, na huu ndo mtego wanaoupenda. Denmark ni yunitari lakini manispaa na mikoa yake ndo inatumia zaidi ya nusu ya matumizi yote ya umma. China pia yunitari, na serikali za chini ndo zinabeba sehemu kubwa mno ya matumizi. Hapo umeona ugatuaji, hujaona shirikisho.

KADI 3
Mbele: Na ukubwa wa nchi je?
Nyuma: Hauamui. China yunitari, Saint Kitts na Nevis shirikisho. Songa mbele.

KADI 4
Mbele: Toa mfano wa serikali kuu ya nchi yunitari kufuta chombo cha chini yake.
Nyuma: Uingereza imejaa mifano. Bunge la Ireland Kaskazini pale Stormont lilikuwepo tangu 1921, London wakalisimamisha 1972 na mwaka uliofuata wakalifuta. Halmashauri kuu ya jiji la London nayo ilifutwa 1986, sheria ya kawaida tu ya bunge ikatosha. Ufaransa wao walipunguza mikoa ya bara kutoka 22 hadi 13 kuanzia 2016, hakuna mkoa uliokuwa na veto.
Nyongeza kwa anayetaka maksi za juu: sheria ya Scotland ya 2016 inasema bunge la Scotland ni la kudumu na halifutwi bila kura ya maoni ya Waskoti. Ila ni sheria ya bunge, na kwa nadharia ya ukuu wa bunge kule, bunge jingine linaweza kuibadilisha. Kisiasa ni ngumu mno kufanya hivyo, kisheria mlango upo wazi. Tenganisha hivyo vitu viwili ukiandika, ndo utaonekana umeelewa.

KADI 5
Mbele: Alama zipi unaziona karibu kila shirikisho?
Nyuma: Katiba iliyoandikwa inayogawa kazi kwa ngazi mbili. Mahakama ya kuamua ngazi hizo zikigombana. Chumba cha pili cha bunge kinachobeba majimbo. Na utaratibu mgumu wa kubadili katiba ambao majimbo au wananchi wao wana neno ndani yake. Marekani robo tatu ya majimbo lazima yaridhie, yani 38 kati ya 50. Australia inatakiwa kura ya maoni ipite nchi nzima na pia kwenye majimbo 4 kati ya 6.
Angalizo: seneti pekee haitoshi kuwa ushahidi. Ufaransa ina seneti na ni yunitari.

KADI 6
Mbele: Linganisha chumba cha pili cha Marekani na cha Ujerumani.
Nyuma: Marekani: maseneta 2 kila jimbo, Wyoming na California sawasawa, wanachaguliwa na wananchi. Ujerumani: Bundesrat, hapo wanakaa watu wa serikali za majimbo zenyewe, kila jimbo lina kura 3 hadi 6 kutegemea idadi ya watu, na kura za jimbo moja zinapigwa kwa pamoja. So Berlin ikipitisha sheria nyingi za kwake inabidi iongee na serikali za majimbo uso kwa uso, na tena hao hao ndo wanaotekeleza sehemu kubwa ya sheria za shirikisho. Kanada seneta anateuliwa, ndo maana wengi wanasema seneti yake ni dhaifu kama sauti ya majimbo.

KADI 7
Mbele: Shirikisho na konfederesheni?
Nyuma: Konfederesheni, nchi wanachama ndo wenye nguvu ya mwisho na serikali ya pamoja haimgusi mwananchi moja kwa moja. Marekani yenyewe ilianza hivyo 1781, Kongresi haikuweza kutoza kodi, ilikuwa inaomba tu majimbo yachangie na majimbo yanajivuta, ndo wakakaa 1787 kuandika katiba mpya.

KADI 8
Mbele: Aina mbili za mwanasayansi wa siasa Stepan za jinsi shirikisho linavyozaliwa.
Nyuma: Kuja pamoja: vitengo vilivyokuwa huru vinaungana (Marekani, Uswisi). Kushikilia pamoja: nchi iliyokuwa moja inagawa madaraka ili isivunjike (Ubelgiji, iliyokuwa yunitari hadi katiba ikabadilishwa 1993, na India).

KADI 9 *
Mbele: India ni shirikisho kweli? Jadili.
Nyuma: Hii ikija chukua muda wako. Upande wa ndio: orodha za madaraka zimeandikwa kwenye katiba, majimbo yana serikali za kuchaguliwa, mahakama kuu inaamua migogoro. Upande wa hapana: ibara ya 3 inaliruhusu bunge la Delhi kubadili mipaka ya jimbo, jimbo linaulizwa maoni tu, halina veto. 2014 bunge la jimbo la Andhra Pradesh liliukataa mswada wa kuligawa na Telangana ikazaliwa vilevile. Kuna na ibara ya 356, Delhi inaweza kuchukua uongozi wa jimbo. Ndo maana wanaiita shirikisho nusu. Mimi ningeandika ni shirikisho lenye kituo kizito, kwa sababu Delhi inaweza kuchora upya jimbo moja moja lakini haiwezi kuifuta ngazi nzima ya majimbo kwa sheria ya kawaida.

KADI 10
Mbele: Hispania, Kenya, Tanzania: uziweke wapi?
Nyuma: Usizilazimishe. Hispania kimaandishi si shirikisho ila jumuiya zake 17 zina mamlaka mapana, na 2017 Madrid ilitumia ibara ya 155 kuichukua serikali ya Katalunya. Kenya ni yunitari yenye ugatuzi, lakini kaunti 47 zipo ndani ya katiba ya 2010 na kugusa muundo wa ugatuzi kunahitaji kura ya maoni, so ulinzi wake ni mkubwa kuliko yunitari ya kawaida. Tanzania Zanzibar ina rais wake na baraza lake la wawakilishi, Tanganyika haina serikali ya peke yake, kwa hiyo ni muungano wa serikali mbili, usiandike shirikisho bila kueleza hilo.

KADI 11
Mbele: Shirikisho linaweza kugeuzwa yunitari?
Nyuma: Limejaribiwa. Nigeria 1966, mtawala wa kijeshi Ironsi akatoa amri namba 34 kuufuta mfumo wa shirikisho, akapinduliwa Julai mwaka huohuo na Gowon, mwanajeshi aliyeshika nchi baada yake, akaurudisha. Halafu majimbo yakaongezwa na wanajeshi, 12 mwaka 1967 hadi 36 mwaka 1996, na hayo majimbo mengi yanaishi kwa mgao unaotoka Abuja. Ukiulizwa kama hilo linadhoofisha shirikisho jibu ndio kifedha, kikatiba bado lipo.