Yah: Muda wa Kufunga Geti na Utaratibu wa Kuandikisha Wageni

Kimara, Dar es Salaam
12 Januari 2026

Kwa wapangaji wote wa nyumba kubwa na wa vyumba vya uani,

Ndugu zangu wapangaji, natumaini barua hii inawakuta salama ninyi na familia zenu. Ninawaandikia kuhusu utaratibu wa geti letu ambao ningependa uanze Jumapili, tarehe 1 Februari 2026. Kabla ya siku hiyo ninaomba tukutane tuuzungumze, kwa kuwa ninyi ndio mtakaoishi nao kila siku.

Mnakumbuka yaliyotokea mwezi Novemba, pale mtungi wa gesi wa mwenzenu mmoja ulipochukuliwa barazani watu wakiwa bado macho na taa zikiwaka. Kijana aliyeuchukua alionekana na watu watatu, mmoja wao akamwitikia hata salamu, na kila aliyemwona alidhani ni mgeni wa jirani. Simlaumu yeyote kwa hilo. Humu ndani tuna kaya 11, ndugu na marafiki wanaingia na kutoka, na ninafurahi kwamba watu wa hapa hawatazamani kwa shaka. Hata hivyo, kazi ya kujua nani ameingia na anakwenda kwa nani haifai kuachiwa mama anayeanua nguo au mtoto anayecheza uani. Mahali pake ni getini.

Kuanzia tarehe niliyoitaja, geti kubwa la magari litafungwa saa 4:00 usiku na kufunguliwa saa 11:00 alfajiri. Jumamosi, na usiku wa kuamkia sikukuu, litafungwa saa 5:00 usiku. Ninaomba jambo moja lieleweke vizuri kuliko mengine yote katika barua hii: hakuna mpangaji atakayelala nje. Baada ya geti kubwa kufungwa, mlango mdogo wa pembeni utakuwa na komeo kwa ndani, na mlinzi ana wajibu wa kumfungulia mpangaji saa yoyote atakayofika, bila kumuuliza ametoka wapi na bila kusubiri aombwe mara mbili. Ninajua wapo miongoni mwenu wanaotoka zamu ya usiku hospitalini, wapo wanaochelewa kwa foleni ya mwendokasi, na yupo mwenzetu anayewahi soko la Mabibo kabla hata ya adhana ya alfajiri. Muda huu haukuwekwa kwa ajili ya kuwabana ninyi.

Anayerudi na gari au bajaji baada ya muda huo ampigie mlinzi simu akiwa njiani, ili akute geti limefunguliwa na asilazimike kupiga honi na kuwaamsha watoto. Namba ya mlinzi mnayo, na itabandikwa pia ukutani karibu na mita za Luku.

Mwezi wa Ramadhani unatarajiwa kuanza takribani tarehe 18 au 19 Februari, kutegemea mwandamo wa mwezi. Katika mwezi huo wote geti kubwa litafungwa saa 5:00 usiku ili wanaokwenda kuswali tarawehe warudi kwa utulivu, na ndugu wanaoleta futari wasione kwamba wanafukuzwa. Vivyo hivyo kwa mkesha wa Pasaka na wa Krismasi. Ukitokea msiba katika kaya yoyote, geti litabaki wazi usiku kucha na daftari litawekwa kando mpaka matanga yaishe, kwa sababu mtu aliyekuja kutoa pole hasimamishwi mlangoni aandike jina.

Kuhusu wageni, mlinzi atakuwa na daftari moja kwenye kibanda chake. Mgeni ataandika jina lake, chumba au nyumba anayokwenda, saa aliyoingia na saa aliyotoka. Asiyeweza kuandika ataandikiwa. Nimeliondoa kwa makusudi lile swali la sababu ya ujio ambalo huulizwa kwenye ofisi nyingi, kwa kuwa uhusiano wa mpangaji na mgeni wake haumhusu mlinzi wala haunihusu mimi. Vilevile mlinzi hataruhusiwa kushika kitambulisho cha mtu, kiwe cha NIDA au cha kazini, kwa sababu vitambulisho vinavyoachwa getini hupotea, na kukipata kingine ni usumbufu mkubwa.

Mgeni akishaandika, mlinzi atampigia mwenyeji simu. Ikiwa ulimtarajia na umekwisha kumjulisha mlinzi mapema, ataelekezwa moja kwa moja. Simu yako isipopatikana, mgeni atapewa kiti kivulini na kusubiri, na mlinzi ataenda kugonga mlango wako; asiambiwe tu kwamba hupo. Nimekaa na mlinzi wetu na tumekubaliana kwamba maneno yake ya kwanza kwa kila anayefika ni salamu na karibu, na kwa mtu mzima ni shikamoo, kisha ndipo daftari. Mkiona amekwenda kinyume na hayo, niambieni mimi, msigombane naye mbele ya wageni.

Wanaokuja mara kwa mara, kama dada wa kazi, mwalimu wa tuisheni, muuza maziwa na ndugu wa karibu, wataandikwa mara moja tu katika ukurasa wao wa mbele, na baada ya hapo watapita. Watoto wanaokuja kucheza na wenzao hawaandikwi. Bodaboda wa chakula au mizigo ataishia getini, na mwenye mzigo atafuata au atamtuma mtu, isipokuwa kwa mtungi wa gesi, maji au kitu kizito ambapo mlinzi atamsindikiza mpaka mlangoni. Madalali wanaotaka kuonyesha chumba hawataingia mpaka niwe nimewapa ruhusa.

Mgeni wa kulala anakaribishwa kama kawaida, na kinachohitajika ni kumtajia mlinzi idadi ya siku. Akizidi wiki mbili, ninaomba nijulishwe ili tumtambulishe kwa mjumbe wetu, jambo ambalo humlinda mgeni mwenyewe endapo atasimamishwa mtaani na kuulizwa anakaa wapi.

Majina ya watu ni amana. Daftari halitapigwa picha wala kusomwa na mpangaji anayetaka kujua nani kamtembelea nani, na kila kurasa zikitimiza miezi mitatu nitazichoma mwenyewe. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwapo, sioni haki ya kuweka maisha ya watu wazima mikononi mwa majirani zao.

Kwa usalama wa moto, ufunguo wa kufuli la geti kubwa utatundikwa kwenye msumari ndani ya kibanda, upande wa kulia, na kila mtu mzima anaruhusiwa kuutumia wakati wa dharura au mgonjwa anapopelekwa hospitali. Namba ya Zimamoto ni 114 na ya Polisi ni 112. Zote zitaandikwa hapo.

Utaratibu huu hauna faini, haubadilishi kodi, na mshahara wa mlinzi utaendelea kulipwa na mimi.

Tukutane Jumapili, tarehe 25 Januari, saa 10:00 alasiri, chini ya mwembe. Ambaye muda niliopendekeza unamgongana na kazi, au ana jambo asilotaka kulisema mbele ya wengine, anipigie au aje kwangu kabla ya siku hiyo. Yatakayokubaliwa kwenye kikao yataandikwa upya na kubandikwa getini, na hayo ndiyo mlinzi atakayoyafuata.

Wenu,
Mama mwenye nyumba